Saa Tano, Nyuma ya Nyumba

Kule Katindo, mtaa wa Goma, watu hula kwanza, kisha huuliza nani kapika. Na kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja tu: Mama Faida. Ubatizo, kilio, komunyo ya kwanza, askari kapandishwa cheo pale kambini, wote walipita mlangoni kwake, kwa Angèle mwenyewe, kuomba mkono wake. Naye alikuja na mwiko wake na lile sufuria zito la chuma ambalo mama mkwe wake alilipata miaka ya hamsini kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa anahama. Sufuria hilo halijawahi kuazimwa. Sombe iliyotoka humo, yale majani ya muhogo, kuna watu waliapa waliiota wakiwa wamelala na njaa.

Sasa ilikuwa zamu ya nyumba yake mwenyewe. Binti yake Faida alikuwa amepata mchumba, kijana wa Munigi, mpole, ana kazi, na wazee wa pande zote mbili walishapanga siku ya mahari. Na hapo ndipo mambo yalipomwia Angèle magumu. Siku ya mahari, mama wa binti hapiki. Anavaa mushanana, vazi lake la sherehe, anakaa mbele, mikono juu ya mapaja, anatazama wageni wakibishania ng'ombe. Mama anayenuka moshi mbele ya wakwe, wanasema, kamshusha binti bei.

Hilo alilijua tangu zamani. Alilikubali. Ambalo hakulikubali ni jina alilokuja nalo mumewe siku ile, akitoka dukani, akiwa bado hata hajavua viatu.

"Nimeongea na Wivine," Florent alisema. "Yeye njo atapika."

"Wivine gani?"

"Wivine moja tu iko Goma, Mama Faida. Ule wa Keshero. Traiteur."

Traiteur, mpishi wa kukodiwa! Angèle aligeuka kutazama ndizi zake jikoni ili mumewe asione uso wake. Huyo Wivine Kavira alikuja kutoka Butembo na begi moja na kandambili, akapanga chumba cha nyuma humu humu uani. Nani alimwonyesha kupima chumvi kwa kiganja? Nani alimwambia karanga za sombe zikaangwe kidogo kwanza kabla hazijatwangwa? Aliondoka na siri zote hizo akaenda Keshero, akanunua mahema na vyombo vya kupashia chakula, akawavalisha wasichana aproni nyekundu, na leo akitajwa mjini watu wanasema "Madame Wivine," kana kwamba alizaliwa na aproni.

Lakini siri ya wivu wa Angèle, ngoja niiseme waziwazi, haikuwa aproni. Ilikuwa ile harusi ya Keshero mwaka uliotangulia. Florent alikula sahani tatu. Tatu! Nyumbani hula moja na nusu, tena hulalamikia tumbo. Na kwenye pikipiki wakirudi alisema, upepo ukimpeperushia maneno hadi nyuma: "Ile sombe inateleza yenyewe." Tangu siku hiyo Angèle akimwona mumewe anacheka na simu, alihesabu meno.

"Na nani atalipa?" aliuliza.

"Henri."

Henri, mdogo wake Florent, alikuwa Liège, Ubelgiji, na alimpenda Faida kama mtoto wake. Lakini Henri alishawahi kutuma pesa za paa zikaishia kwenye bia, basi siku hizi hakutaka simu wala salamu za mdomo; alitaka kila jambo liandikwe na yeye awekwe kwenye kopi. Wivine naye alikuwa vilevile. WhatsApp kwake ni ya kusalimiana. Kazi ilikwenda kwa barua pepe, kwa sababu mteja mmoja alishawahi kumkana mchana kweupe mbele ya sufuria zinazochemka.

Wivine alikuja kwanza kuona mahali. Alitembea uani kwa hatua ndefu, akapima kwa macho, akachagua pale kando ya tangi la maji, penye saruji. "Hapa ni pazuri," alisema. "Kuko sawasawa, maji iko karibu, moshi haiendi kwa wageni." Florent akamwambia aje saa moja asubuhi. Wivine akaitikia, akamwamkia Angèle kwa mikono miwili, "Shikamoo mama," kama zamani, akaondoka. Harufu ya sabuni yake ilibaki uani hadi jioni. Au Angèle ndiye aliyeibakiza.

Siku chache baadaye barua pepe ya Wivine iliingia, kwa Florent na kwa Angèle. Mambo manne, yamepangwa vizuri: naomba munithibitishie tarehe, saa ya sisi kufika, nafasi ya kupanga jiko na meza, na kama iko na maji, na pesa italipwa vipi, ya kwanza, ya soko, na ya mwisho. Chini yake: Nafuata kile kitaandikwa hapa. Asante. Wivine.

Florent hakuwa mtu wa barua pepe. Anwani yake alifunguliwa na mtu wa duka la simu, na nywila ilikuwa imeandikwa ukutani dukani nyuma ya katoni za sabuni. "Jibu wewe, Mama Faida," alisema. "Faida alikufundisha. Weka Henri kwa kopi, na miye pia, isionekane sijui kitu."

Ndivyo kazi ya kujibu ilivyoangukia mkononi mwa Angèle.

Alikaa kwenye kigoda mbele ya jiko, akaandika kwa kidole kimoja. Tarehe: Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Hapo hakuna la kuchezea. Pesa: nusu imeshatumwa na Henri, sehemu ya soko itatumwa Jumatano, iliyobaki itatolewa siku yenyewe kabla ya sahani ya kwanza. Hapo pia hakugusa. Henri alikuwa na macho makali.

Kisha akafika kwenye saa.

Kidole kikasimama hewani. Kichwani Angèle alimwona Wivine akiingia uani asubuhi kama mwenye nyumba, aproni nyekundu zikitawanyika, wageni wakifika wakute harufu yake imetanda. Aliona sahani tatu. Akaandika: saa tano.

Na nafasi? Akatazama ile saruji kando ya tangi. Palikuwa jikoni kwake pa sherehe. Hapo ndipo sufuria la chuma lilipopika chakula cha kilio cha mama mkwe. Akaandika: nyuma ya nyumba, karibu na choo. Nyuma ya nyumba, mwenye kuijua Goma anajua, ni mawe ya volkano tupu, meusi, yamekaa kama meno ya mamba. Hata mbuzi hupita pale kwa heshima.

Mpango ulikuwa umeiva kichwani kabla hajabonyeza. Dada yake, Nyiramahirwe, atakuja alfajiri, atawasha moto pale kwenye saruji, na sufuria la chuma litapika sombe na maharagwe kama kawaida. Wivine atafika saa tano, atahangaika na mawe, wakwe watasikia njaa, na hapo chakula cha nyumba kitatoka kuokoa siku. Florent atakula sahani ngapi, tutaona. Akatuma.

Jibu lilirudi jioni ile ile, kwa wote.

*Asante Mama Faida. Papa Florent aliniambia saa moja, na kando ya tangi. Sasa munaniandikia saa tano, na nyuma. Wageni wanafika saa ine. Tafazali, munisemeze kama mumebadilisha. Nikikosa jibu mupaka Jumatano, nitafuata ile mumeandika.*

Angèle alisoma mara mbili. Mlango wa kurudi nyuma ulikuwa wazi. Neno moja tu, "nimekosea," na kila kitu kingerudi mahali pake. Florent alikuwa dukani, na barua pepe zake hakuzifungua kamwe. Henri wa Liège macho yake yalikuwa kwenye pesa, si kwenye saa.

Faida alipita na beseni la nguo. "Mama, nani amekuandikia unakunja uso hivyo?"

"Traiteur wako."

"Madame Wivine? Yule mama anapenda kazi yake! Marafiki zangu wote walikuwa wanamutaka kwa harusi zao." Faida akatabasamu na kwenda kuanika.

Kama Faida hangesema hivyo, labda. Lakini alisema. Angèle akaandika: *Ndiyo. Fuata maandishi.* Akatuma, akaweka simu chini ya mto kama mtu anayefunika yai.

Jumamosi ikafika, na mbingu za Goma, ambazo huwa hazina adabu, siku hiyo zilikaa vizuri. Nyiramahirwe alikuja kabla jua halijachomoza, na khanga kiunoni na mdomo mbele. Mtu akitaka habari ya Katindo yote, kuanzia nani kaachwa hadi nani kanenepa kwa nini, amwulize Nyiramahirwe. Kupika alijua. Kunyamaza na kukaa mahali pamoja, hapana.

"Usiache sufuria," Angèle alimwambia, akiwa anafungwa mushanana. "Sikiliza vizuri. Usiache."

"Dada, miye ni mutoto? Nenda ukakae na wakubwa."

Saa nne wageni wa Munigi waliingia kwa wimbo, zawadi vichwani, na mbele yao msemaji wao, Muzee Hategekimana, mtu mwenye fimbo na maneno, ambaye alishawahi kushusha ng'ombe wanne kwa methali moja. Angèle alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya mapaja, mzuri kama picha. Florent pembeni yake, aliyeambiwa asubuhi kwamba Wivine yuko njiani, alikuwa amevaa koti lililombana kwapani.

"Kumbe ni hapa Papa Florent amemuficha dada wetu mzuri hivyo?" Muzee Hategekimana alianza.

"Dada wenu?" msemaji wa upande wa binti akajibu. "Mbona sisi tumemuzaa?"

"Mumemuzaa, sisi tutamulisha!"

Watu wakacheka, mambo yakaanza kuwaka. Na nyuma ya nyumba, hakuna traiteur. Mama mmoja wa upande wa wageni alimnong'oneza Angèle: "Chakula iko wapi? Sioni hata jiko." Angèle akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu mwenye karata mfukoni. "Usijali, mama. Nyumba hii haijawahi kulaza mgeni na njaa."

Kelele za kubishania ng'ombe zilipozidi, kichwa cha Nyiramahirwe kilitokea kwenye kona ya nyumba. Alikuwa amekuja "dakika moja tu" kuona Muzee Hategekimana akipiga fimbo chini. Angèle alimtolea macho. Nyiramahirwe akamwonyesha kwa mkono kwamba mambo yako sawa, akabaki. Ng'ombe wa tano alipokubaliwa alikuwa bado pale. Wa sita alipokataliwa alikuwa tayari amepata kiti.

Halafu harufu ikaja.

Kwanza nyembamba, kama mtu anachoma karatasi mbali. Angèle aliijua kabla haijafika puani kwa wengine. Maharagwe yaliyoshika chini. Kisha sombe, harufu chungu ya majani yaliyokauka kwenye chuma chekundu. Mikono ilitaka kuruka kutoka kwenye mapaja. Miguu ilitaka kukimbia. Lakini mama wa binti hainuki katikati ya ng'ombe. Akiinuka, wakwe wanaweza kusema nyumba imekataa. Akakaa, roho ikiungua pamoja na sufuria.

Muzee Hategekimana alisimama katikati ya sentensi, akanusa.

"Ndugu zangu," alisema, "ni pua yangu, ama volkano yetu, Nyiragongo, ametukumbuka tena?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata Florent alicheka. Moshi sasa ulionekana, mweusi, ukipanda juu ya paa, na Nyiramahirwe alikuwa anakimbia akishika khanga kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine.

Ilikuwa saa tano kamili. Pikapu ilisimama barabarani.

Wivine alishuka, hana haraka. Wasichana wake walishuka nyuma yake, na kila wawili walibeba glasieri kubwa, lile sanduku la kuweka vinywaji baridi, safari hii limefungwa kwa blanketi. Hawakupita kwenye saruji. Walikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kama walivyoandikiwa, na juu ya yale mawe ya volkano wakalaza mbao walizokuja nazo, wakaweka meza juu ya mbao, wakasawazisha miguu ya meza kwa vipande vya matofali. Vyombo vya kupashia vikawashwa. Maji yalikuwa kwenye bidoni, madumu waliyokuja nayo. Chakula kilikuwa kimepikwa usiku kucha kule Keshero na kufungwa kwenye majani ya ndizi na blanketi; hakukuwa na cha kupika tena, ilikuwa kupasha tu.

Saa saba sahani zilizunguka. Mchele, viazi, ndizi, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, nyama ya mbuzi, sombe. Ng'ombe walikuwa wamekubaliwa, saba na beberu, na Muzee Hategekimana alikula akifumba macho.

Angèle hakutaka kutazama upande wa mumewe. Alitazama. Sahani ya kwanza. Ya pili. Na Florent, koti limefunguliwa vifungo vyote, akamwita msichana wa aproni nyekundu na kumwonyesha kidole kimoja, kidogo tu, ya mwisho.

Wakwe walipokuwa wanacheza, Angèle alichukua bahasha ya mwisho, ile ambayo Henri alisema itolewe kabla ya sahani ya kwanza na ambayo katika fujo za moshi ilibaki mkobani, akaenda nyuma. Mushanana ulinasa kwenye jiwe. Wivine alikuja, akapiga magoti kuunasua.

"Umechelewa na bahasha, mama," alisema, lakini alikuwa anacheka. "Kwa maandishi ilikuwa mbele ya kula."

"Nimechelewa." Angèle akampa. "Na uliingia saa tano kweli."

"Si uliniandikia saa tano? Mara mbili." Wivine alihesabu, akaweka bahasha kifuani. Kisha akainama na kusema taratibu, wasichana wasisikie: "Mama Faida, kama ulitaka kupika, ungesema tu. Jana tulikuwa Keshero na sufuria sita. Ningekupa mwiko, nikakaa chini, nikasikiliza. Mushanana unavaliwa leo, jana ulikuwa na khanga."

Angèle akakung'uta vumbi kwenye mushanana. Jana! Jana alikuwa nyumbani akimwambia Nyiramahirwe namna ya kupanga kuni. Hakuwahi hata kufikiria jana. Na sasa kwamba huyu, huyu wa kandambili, ndiye aliyeifikiria, hilo lilimchoma kuliko sahani zote tatu.

"Nilikuwa na kazi," alisema.

"Najua." Wivine akainuka. "Nimekuachia kidogo ya sombe chini ya meza, kwa bakuli la kijani. Kila sherehe nauliza mwenye nyumba kitu gani ilikosa. Utaniandikia."

Usiku wageni waliondoka, Faida alilala kichwa juu ya zawadi zake, na Nyiramahirwe alikuwa uani akisugua lile sufuria la chuma kwa mchanga na kulia kidogo na kusimulia sana. Angèle alikaa na bakuli la kijani. Akaonja.

Karanga zilikaangwa kwanza. Chumvi ilipimwa kwa kiganja. Majani yalitwangwa hadi yakawa hariri. Ilikuwa sombe yake mwenyewe, ile ya kabla Wivine hajahamia Keshero, na haikukosa kitu. Alitafuta kwa ulimi kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Alitafuta tena. Akamaliza bakuli, akapangusa ndani kwa kidole.

Kesho yake barua ilikuja, kwa wote: pesa ya mwisho imepokelewa, asante kwa familia, na swali lile. *Kitu gani ilikosa?*

Angèle alishika simu. Kidole kilisimama hewani muda mrefu, kama siku ile. Mara hii alijua kabisa ukweli ulikuwa wapi. Akaandika neno moja.

*Chumvi.*

Akatuma. Alikuwa anaanza kusikia nafuu ndani ya kifua, kidogo, tamu, alipogundua amebonyeza kitufe cha kujibu wote. Liège ilijibu haraka kuliko Keshero: *Chumvi gani, shemeji? Florent aliniambia alikula sahani tatu!*

Na kutoka sebuleni, ambako Florent alikuwa amejifunza kufungua barua pepe siku hiyo hiyo, sauti ikaita:

"Mama Faida! Chumvi gani tena hii unaandikia watu mupaka Ulaya?"

Simu ikalia tena mkononi. Keshero. Wivine alikuwa ameandika mstari mmoja: *Sawa mama. Mara ingine nitakuja siku moja mbele, kwako, na wewe utaweka chumvi.*

Angèle aliusoma, akazima simu, akaenda uani kumnyang'anya Nyiramahirwe sufuria alilokuwa bado analisugua. Yule dada hata kusugua hakujua.